Ngege wa Jinja na Majina Yake: Tahakiki ya Mizizi ya Kilatini na Kigiriki katika Majina ya Kisayansi ya Samaki wa Ziwa Viktoria

Ikisiri

Makala hii inasoma majina ya kisayansi ya samaki wachache wanaovuliwa Jinja, mashariki mwa Uganda, kama matini mafupi yenye sarufi, mwandishi na tarehe. Inadai kwamba jina moja la kienyeji, ngege, limeficha badiliko kubwa lililotokea ziwani katikati ya karne ya 20, na kwamba badiliko hilo linasomeka waziwazi katika mizizi ya Kilatini na Kigiriki ya majina mawili ya kisayansi. Inaonyesha pia mahali ambapo mizizi hiyo hupotosha, na inahoji desturi ya kamusi za Kiswahili ya kufasili samaki kwa maneno “aina ya samaki”.

1. Tatizo lenyewe

Wataalamu wetu wa istilahi wamegawanyika katika kambi mbili kuhusu majina ya kisayansi. Wa kwanza huyaona kuwa ni lebo tupu zilizoletwa na wageni, ambazo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuzielewa mradi ajue kuzinakili. Wa pili huyaona kuwa ni hazina ya maelezo: ukishajua mzizi, umemjua kiumbe. Mwandishi wa makala hii hakubaliani na kambi yoyote kati ya hizo. Jina la kisayansi si lebo tupu, kwa kuwa limeundwa kwa maneno yenye maana na linafuata kanuni za sarufi. Wala si maelezo ya kuaminika, kwa kuwa kanuni za utoaji majina hazidai kwamba jina liwe la kweli. Zinadai tu kwamba liwe la kwanza kutolewa ipasavyo. Jina la namna hii linafaa kusomwa jinsi mhakiki anavyosoma matini yoyote ya kale: nani aliandika, lini, alikuwa na nini mbele ya macho yake, na ni nini ambacho hakukiona.

Mfano wetu unatoka Jinja kwa sababu maalumu. Hapa ndipo maji ya Ziwa Viktoria yanapoanza safari ya mto Naili. Hapa pia ndipo lilipowekwa, mnamo 1947, shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, ambalo urithi wake unaendelezwa hadi leo na taasisi ya taifa ya utafiti wa samaki. P. H. Greenwood, ambaye kitabu chake kuhusu samaki wa Uganda kilichapishwa na Uganda Society mwaka 1958, alifanya kazi katika mji huu. Hakuna mahali pengine katika ukanda wetu ambapo wavuvi wenye majina yao na wanasayansi wenye majina yao wameishi karibu kwa muda mrefu hivyo.

Isitoshe, wakazi wa Jinja hawahitaji kufundishwa kwamba jina linaweza kubeba tukio. Mtaa wa Mpumudde husimuliwa kuwa ulipata jina lake kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyefariki hapo mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Neno lenyewe humaanisha “nimepumzika”. Anayelisikia bila kujua kisa hicho husikia jina la mtaa tu. Kwa anayekijua, ndani ya neno hilo mna mzee aliyechoka na safari ambayo hakuimaliza. Majina ya kisayansi nayo yako hivyo.

2. Ngege wawili katika jina moja

Mnunuzi akifika kwenye soko lolote la Jinja na kuomba ngege, atapewa samaki ambaye Tanzania huitwa sato. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis niloticus. Lakini babu yake mnunuzi huyo, kama alinunua ngege mahali hapohapo mnamo miaka ya 1930, alipewa samaki mwingine: Oreochromis esculentus. Hao ni spishi mbili tofauti. Neno la sokoni halikubadilika. Kilichobadilika ni kile kinachowekwa kwenye mizani.

Tuanze na jina la pili la samaki wa babu. Esculentus ni kivumishi cha Kilatini chenye maana ya “anayelika”, kutokana na esca, yaani chakula, ambalo nalo limetokana na kitenzi edere, kula. Aliyelitoa ni Michael Graham, mwaka 1928, baada ya kuongoza uchunguzi wa uvuvi katika Ziwa Viktoria. Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Mtaalamu wa maumbile angeweza kumwita samaki huyu kwa rangi yake, kwa meno yake au kwa umbo la kichwa chake. Graham alikuwa ametumwa kuchunguza kwa nini mavuno ya ngege yalikuwa yakipungua tangu nyavu za makila zianze kutumika ziwani mapema katika karne hiyo, naye alipendekeza kwamba nyavu zenye matundu ya chini ya inchi 5 zisiruhusiwe. Mtu wa kazi hiyo alipomtazama samaki huyu aliona chakula cha watu, na akaandika hivyo. Jina linatueleza machache kuhusu samaki, ila linatueleza mengi kuhusu jicho lililomtazama.

Kivumishi hichohicho kimo jikoni kwetu kwa wingi kuliko tunavyodhani. Muhogo ni Manihot esculenta. Magimbi ni Colocasia esculenta. Bamia ni Abelmoschus esculentus. Nyanya, kabla ya kurudishwa katika jenasi ya Solanum, iliandikwa kwa miaka mingi Lycopersicon esculentum. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Huyu wa Kiingereza huziona -us, -a na -um kama mikia ya ajabu isiyo na sababu. Sisi tunasema samaki mzuri, muhogo mzuri, gimbi zuri, na kiambishi hubadilika kwa kuitii nomino. Katika Kilatini kinachobadilika ni mwisho wa neno badala ya mwanzo, na ngeli ni tatu tu, lakini utaratibu wa upatanisho ni uleule. Abelmoschus ni ya kiume, Manihot na Colocasia ni za kike, Lycopersicon si ya kiume wala ya kike, kivumishi kinafuata.

Upatanisho huu unatupatia chombo cha kufuatilia historia. Graham alimwita samaki wake Tilapia esculenta. Tilapia ni nomino ya kike, kwa hiyo kivumishi kilikuwa na -a. Samaki huyo alipohamishiwa katika jenasi ya Oreochromis, ambayo ni ya kiume, -a ikageuka kuwa -us. Vivyo hivyo Tilapia nilotica akawa Oreochromis niloticus. Mwanafunzi anayekuta esculenta katika ripoti ya zamani na esculentus katika ripoti mpya asidhani kwamba mmoja wa waandishi amekosea tahajia. Anachokiona ni alama ya kisarufi ya uhamisho. Alama nyingine ya uhamisho huohuo ni mabano: jina la mwandishi huandikwa (Graham, 1928), ndani ya mabano, kuonyesha kwamba aliyetoa jina la pili alikuwa amemweka samaki katika jenasi nyingine. Waandishi wengi wa vitabu vya shule huyaondoa mabano hayo wakidhani ni mapambo, na kwa kufanya hivyo hudai, bila kukusudia, kwamba Graham ndiye aliyemweka samaki katika jenasi aliyomo sasa.

(Tilapia yenyewe, licha ya sura yake ya Kilatini, hufikiriwa kwa kawaida kuwa imetokana na neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Andrew Smith ndiye aliyeliingiza katika vitabu mwaka 1840. Wale wanaolalamika kwamba majina haya yote ni ya kigeni wangepaswa kuanzia hapo.)

3. Niloticus, au mgeni anayejitangaza

Tumgeukie sasa ngege wa leo. Niloticus ni “wa Naili”. Linnaeus ndiye aliyetoa kivumishi hicho mwaka 1758, na Naili yake ilikuwa ile ya Misri. Msomaji wa Jinja, anayeuona mto huo ukianzia karibu na nyumbani kwake, atalisoma jina hili na kuridhika: samaki wa Naili anapatikana Naili, basi jina ni sahihi. Hapo ndipo anapopotoka.

Kati ya Ziwa Viktoria na Naili ya kaskazini kuna maanguko makubwa ya maji yanayojulikana kwa jina la Murchison, ambayo wakati mmoja yaliitwa kwa jina la Kabalega huyohuyo. Maji yanapenya katika ufa mwembamba wa mwamba na kuporomoka zaidi ya mita 40. Samaki wanaweza kutelemka, kupanda hawawezi. Kwa sababu hiyo Naili, kwa upande wa samaki, ilikuwa ni mito miwili. Chini ya maanguko, katika Ziwa Alberti na kuendelea hadi Misri, waliishi wale ambao Linnaeus na wafuasi wake waliwaita niloticus. Juu ya maanguko, katika Kyoga na Viktoria, waliishi wengine. Ngege wa asili wa ziwa hili walikuwa wawili: esculentus, na yule ambaye wavuvi humwita mbiru, Oreochromis variabilis, “anayebadilikabadilika”, kutokana na rangi zake.

Niloticus aliletwa. Katika miaka ya 1950 alipandikizwa ziwani ili kuongeza mavuno ya ngege yaliyokuwa yamepungua, na katika kipindi hichohicho akaingizwa mgeni mwingine mwenye kivumishi hichohicho, Lates niloticus, ambaye Uganda huitwa mputa na Tanzania sangara. Kwa mputa habari hii inajulikana na kila mtu, kwa kuwa alipoongezeka katika miaka ya 1980 aliwala nkejje kwa mamia ya spishi, na kwa kuwa umbo lake halikufanana na la samaki yeyote aliyekuwapo. Alikuja na jina lake. Ngege mgeni alikuja kimyakimya zaidi, kwa kuwa alifanana na ngege mwenyeji kiasi cha kurithi jina lake. Leo esculentus ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu na kubaki katika vijiziwa vya pembezoni, kama Kanyaboli upande wa Kenya na vijiziwa vilivyo karibu na Kyoga.

Ikiwa msomaji ataka kuhakikisha mwenyewe, na amtazame samaki mkiani. Niloticus ana mistari myembamba ya wima iliyopangika vizuri katika pezi la mkia, tangu lilipoanzia hadi ukingoni. Wenyeji wawili hawana mistari ya namna hiyo. Mvuvi mzee anaijua tofauti hii bila kusoma kitabu. Anachokosa ni neno la Kiswahili litakaloihifadhi baada yake.

Hapa ndipo jina la Kilatini linapofanya kazi ambayo jina la sokoni limeshindwa. Kivumishi niloticus, kikiwekwa kando ya esculentus, kinamlazimisha msomaji kuuliza: ikiwa huyu ni wa Naili, na yule hakuitwa wa Naili, walikutana vipi? Jina halijibu swali hilo. Linalifungua tu, nalo neno ngege peke yake lilikuwa limelifunga.

4. Mlima ulio chini ya ziwa

Baada ya kusema hayo, ni lazima tuonyeshe jinsi mizizi inavyoweza kumdanganya anayeiamini mno. Tuchukue jina la kwanza, Oreochromis. Oros kwa Kigiriki ni mlima. Chromis ni jina ambalo Wagiriki wa kale walimpa samaki fulani wa baharini, na wataalamu wa karne ya 18 na 19 wakalikopa. Baadhi ya vitabu hulifasiri neno hili kwa chroma, yaani rangi, na kutoa tafsiri ya “rangi ya mlima”. Tafsiri hiyo haifai, maana kiungo cha pili ni jina la samaki.

Je, ngege wa ziwani ana uhusiano gani na mlima? Hana wowote. Albert Günther aliiunda jenasi hii mwaka 1889 kwa ajili ya samaki mmoja, Oreochromis hunteri, aliyechukuliwa kutoka Ziwa Chala, ziwa dogo la volkeno kwenye miteremko ya chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kwake Günther, aliyekuwa London mbele ya samaki waliohifadhiwa chupani, sifa ya kushangaza ilikuwa kwamba samaki wa jamii hii ametoka Kilimanjaro. Baadaye, hasa kwa kazi ya Ethelwynn Trewavas iliyochapishwa mwaka 1983, spishi nyingi zilizokuwa zikiitwa Tilapia zilikusanywa katika jenasi hii, kwa msingi kwamba jike hutunza mayai na vifaranga kinywani mwake. Tabia hiyo ndiyo inayowaunganisha. Jina la mlima lilikuwa limeshatangulia, na lililotangulia halifutwi.

Ziwa Chala liko takriban mita 880 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,130. “Samaki wa mlimani” wa Günther, basi, aliishi chini kuliko ngege wa Jinja.

Mbale, mwendo wa saa chache kutoka Jinja, inatupatia mfano wa namna hiyo katika mimea. Kahawa ya miteremko ya Elgon ni Coffea arabica, “ya Uarabuni”. Linnaeus aliipa jina hilo mwaka 1753 kwa sababu Ulaya iliijua kahawa kupitia Yemeni. Asili ya mmea huu ni nyanda za juu za Ethiopia. Mkulima wa Bugisu anayeuza arabika anatamka kila siku habari ya njia ya biashara ya karne ya 17 na 18, ingawa yeye na mnunuzi wake wanaichukulia kuwa ni habari ya mmea. Neno limekwisha kuwa la Kiswahili, na kosa limeingia pamoja nalo.

Nkejje nao wana kisa chao kifupi. Jenasi yao, Haplochromis, ina kiungo haplos, “sahili”. Hilgendorf alilitoa mwaka 1888 akiwa na samaki mmoja wa Ziwa Viktoria mbele yake. Watafiti wa Jinja walipoanza kuwahesabu kwa makini, usahili huo ulifumuka kuwa mamia ya spishi ambazo hata leo huwachosha wenye darubini.

5. Kuhusu kamusi zetu

Desturi ya kamusi za Kiswahili ni kufasili samaki kwa kusema “aina ya samaki wa maji baridi”, pengine na sifa moja ya ladha au umbo. Fasili hiyo haikosei, lakini haiwezi kutofautisha ngege wa 1930 na ngege wa leo, wala haiwezi kumwambia msomaji wa Mwanza kwamba sato wake na ngege wa Jinja ni kitu kimoja. Kamusi chache zinazoongeza jina la kisayansi mara nyingi hulileta bila mwandishi wala mwaka, hivi kwamba haiwezekani kujua jina hilo ni la enzi ipi.

Kuna pendekezo linalosikika mara kwa mara katika makongamano yetu, kwamba majina haya yatafsiriwe: Oreochromis awe “ngege-mlima”, niloticus awe “wa Naili”, na kadhalika. Mwandishi analipinga, na mfano wa Chala unatosha kueleza sababu. Tafsiri ingeligeuza kosa la kihistoria la Günther kuwa dai la Kiswahili kuhusu makazi ya samaki. Katika Kilatini kosa hilo limelala, na hakuna anayeumizwa nalo. Katika Kiswahili lingeamka na kufundishwa darasani. Mzizi unapaswa kuelezwa, si kutafsiriwa, na maelezo yasindikizwe na tarehe.

Kitomeo cha ngege kingeweza kuandikwa hivi: ngege nm samaki wa maji baridi wa jenasi ya Oreochromis, ambaye jike hutunza mayai kinywani, katika Ziwa Viktoria hadi miaka ya 1950 neno lilitaja hasa O. esculentus (Graham, 1928), mwenyeji; siku hizi hutaja hasa O. niloticus (Linnaeus, 1758), aliyeletwa, mwenye mistari ya wima mkiani, Tz sato. Ni mistari minne au mitano, kwa hiyo nafasi haiwezi kuwa kisingizio. Ugumu wa kweli ni kwamba mwanakamusi atalazimika kwenda mwaloni pamoja na mtu anayejua samaki, akiwa na orodha ya majina ya Kisoga, Kiganda na Kijaluo mkononi, na kuuliza kuhusu kila samaki anayeshushwa kutoka mtumbwini, kabla wazee waliowahi kumshika esculentus kwa mikono yao hawajamalizika.